Hiyo Si Zawadi ya Mtoto, Ni Mchango Wako

"Elfu mbili? Shoga, unampeleka mtoto akaaibike." Jirani yangu aliniambia hivyo aliposikia binti yangu wa miaka tisa, aliyealikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzake wa darasa la nne, atanunua zawadi kwa pesa yake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya. Alisema tu kile ambacho wazazi wengi hapa Dar es Salaam tunakiamini: pesa ya mtoto haitoshi zawadi, kwa hiyo mzazi anunue.

Mwaka jana niliamini hivyo pia. Nilinunua mwanasesere wa shilingi 15,000, nikafunga mwenyewe kwa karatasi ya kumeremeta na utepe. Mlangoni mwenye sherehe akamuuliza binti yangu, "Umeniletea nini?" Binti yangu akageuka kunitazama mimi. Hakujua. Alikuwa tarishi wa mzigo wangu.

Kwenye harusi tunatunza, tunaandika majina kwenye daftari, na zamu yetu ikifika tunarudishiwa. Huo ni utaratibu wa watu wazima na una heshima yake. Kosa ni kuuingiza kwa watoto. Yule mwanasesere kwa kweli nilimpa mama wa mwenye sherehe, ili asiniseme.

Mwaka 2009 Francis Flynn na Gabrielle Adams wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti kuhusu bei ya zawadi na shukrani. Watoaji walidhani zawadi ya bei kubwa itathaminiwa zaidi, lakini kwa wapokeaji bei haikuongeza shukrani. Waliopimwa walikuwa watu wazima, sikatai. Lakini kama sisi tunaojua bei za vitu tunakosea hivyo, sioni kwa nini tuwafundishe watoto kosa lenyewe.

Basi safari hii nilikaa pembeni. Binti yangu hupata shilingi 500 kwa siku ya shule, na mwaliko ulikuja siku kumi za shule kabla ya sherehe. Akaamua kuweka 200 kila siku, ile 300 ale muhogo wake. Ilipaswa kufika 2,000, lakini siku moja ubuyu ulimshinda, akaishia na 1,800. Sikumjazia. Ningejazia ile 200, ubuyu ungekuwa wa bure, na hesabu yake yote ingekuwa mchezo.

Swali nililomuuliza lilikuwa moja: mwenzako huwa anakuomba nini darasani? Hakufikiri hata kidogo. "Rangi. Nyekundu na bluu zake zimeisha, kila siku anaazima." Mimi na jirani yangu tungekaa kibarazani mwezi mzima tusingelijua hilo.

Kwenye steshenari kulikuwa na pakiti mbili za penseli za rangi, zote 1,500. Moja ilikuwa na penseli kumi na mbili, nyingine sita. Mkono ukaenda kwenye kumi na mbili, kama ambavyo wangu ungeenda. Nikamwambia atazame penseli kwa nyuma. Kwenye ile pakiti kubwa viini vingi vya rangi vilikuwa vimekaa upande badala ya katikati ya mti. Penseli ya namna hiyo ukiichonga, upande mmoja mti unabaki umefunika kiini, upande wa pili kiini kiko wazi bila kinga, kinakatika. Unachonga tena, kinakatika tena, hadi penseli inaisha kabla ya picha. Zile sita viini vyake vilikuwa katikati, na nyekundu na bluu zilikuwamo. Akachukua sita, akaongeza kichongeo cha 200.

Ikabaki 100, na karatasi ya zawadi ilikuwa 500. Nusura nitoe pochi, nakiri. Yeye akachukua ukurasa wa kalenda ya mwaka jana, ile tunayojaladia madaftari, akafunga upande mweupe ukiwa nje, akachora wasichana wawili wanacheza rede. Ile 100 aliinunulia ubuyu, tena bila haya.

Jirani ana hoja moja nzito: wenye sherehe wamegharimika, kuna keki, pilau, viti vya kukodi. Kweli. Lakini hilo ni deni la mtu mzima kwa mtu mzima. Mimi nilibeba kreti ya soda, nikamkabidhi mama mwenyewe jikoni, na sikuifunga utepe.

Hatari ya aibu ipo pia, ila haitoki kwenye zile 1,700. Inatoka kwa mshereheshaji anayefungua zawadi moja moja kwa kipaza sauti na kutangaza nani kaleta nini, watoto wakilinganisha maboksi. Wewe unayeandaa sherehe, zuia hilo. Zawadi ziwekwe chumbani, mtoto azifungue jioni wageni wakishaondoka.