Ukisema "Data Zako", Sisi Tunasikia Bando

Ndugu zetu wa kambini na nyinyi mnaofanya kazi nasi, leo tunataka tuongee kuhusu neno moja dogo: data. Wengi wetu tumeulizwa swali linalofanana na hili mbele ya meza ya ofisi: "Je, unakubali tushee data zako na washirika wetu?" Tunajibu ndiyo, tunaweka sahihi au dole gumba, tunaondoka. Swali letu ni hili: tuliposema ndiyo, tulikubali nini?

Anza na jinsi sisi vijana tunavyolitumia neno hilo kila siku. Washa data. Zima data. Data imeisha. Hii apu inakula data sana. Ukimwambia rafiki yako "nishee data", anakufungulia hotspoti ya simu yake. Kwa hiyo mtu anayejua data ya simu peke yake akiulizwa kama anakubali kushea data zake na washirika, kwa sikio lake anaulizwa kama yuko tayari kuwagawia wengine bando lake. Na mama ambaye ana kitochi, simu isiyoingia mtandaoni, atajibu kwa ukweli kabisa: "Mimi sina data, mwanangu." Karani atacheka, ataandika ndiyo, ataita mwingine. Hakuna aliyedanganya hapo. Ila hakuna aliyekubali pia.

Hatusemi hivi ili kulaumu maneno ya kigeni. Kiswahili kimekopa tangu zamani, na neno likivuka mpaka halivuki na mizigo yake yote. Chukua neno laini. Kwa Kiingereza neno hilo lilikotoka ni pana sana: ni mstari uliochorwa, ni uzi, ni waya wa simu, ni watu waliosimama kwenye foleni. Kwetu lilibanwa. Mtu wa Tanzania akisema "nimepoteza laini" hakuna anayefikiria uzi wala mstari, wote tunajua ni ile kadi ndogo ya simu. Kenya wameacha mlango mmoja zaidi wazi, kwa sababu huko kupiga laini bado ni kusimama foleni. Neno limekuwa dogo, lakini halijamdhuru mtu, kwa sababu anayelisema na anayelisikia wanaona kitu kilekile.

Tabu inaanza pale neno moja linapoingia kwetu kwa njia mbili tofauti. Vocha ni mfano mzuri. Kwa Kiingereza ni hati inayokupa haki ya kupata kitu fulani bila kulipa taslimu. Kwa watu wa Tanzania iliingia kwa nguvu pamoja na simu za mkononi: vocha ilikuwa kile kikaratasi cha kukwangua. Kisha maana ikapanuka upande mmoja, kwa sababu siku hizi mtu hakwangui chochote, anabonyeza simu yake, na bado anasema amenunua vocha. Karatasi imekufa, neno limebaki. Lakini mkulima wa Tanzania alilipokea kwa njia nyingine, kwenye vocha za pembejeo za kununulia mbolea na mbegu kwa bei ya ruzuku. Na mkimbizi analipokea kwa njia ya tatu: vocha ya chakula.

Kakuma, tangu 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutoa sehemu ya mgawo wa chakula kupitia simu, kwa mpango ulioitwa Bamba Chakula. Thamani ya chakula iliingia kwenye laini, na ukaenda nayo kwa mfanyabiashara aliyeingia mkataba na mpango huo. Ilikuwa vocha kwa maana ya Kiingereza: si pesa, huwezi kuitoa taslimu, inanunua chakula kwenye maduka yaliyochaguliwa. Sasa fikiria Mkongo aliyefika jana. Kwao salio la simu linaitwa inite, kutoka Kifaransa, na kadi ya simu inaitwa pisi. Akiambiwa na Mtanzania kwamba vocha ni ya kupigia simu, halafu ofisini akaambiwa vocha yake imeingia, ana haki ya kushangaa. Hata hivyo vocha inajirekebisha yenyewe. Akifika dukani akapewa unga, ameshaelewa. Kosa linaonekana siku hiyohiyo.

Data ndiyo hatari, kwa sababu kosa lake halionekani. Neno hili nalo lilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilipita vyuoni na kwenye ofisi za takwimu, ambako data ni habari zilizokusanywa: idadi, majina, majibu ya dodoso. Njia ya pili ilipita kwenye simu. Kwenye skrini pameandikwa Mobile data, na hapo data ikawa kitu cha kununua, kinachopungua ukikitumia. Waingereza wenyewe wanasema data yao imeisha, kwa hiyo si sisi tuliolibana neno hili peke yetu. Tofauti ni kwamba aliyepita chuo ana maana zote mbili mfukoni na anachagua kulingana na mazungumzo. Wengi wetu tulikutana na simu kabla ya kukutana na dodoso, na wengine dodoso la kwanza tulilokutana nalo maishani ni lile la kuandikishwa ukimbizi.

Mtu anaweza kusema, "Lakini sentensi nzima itamsaidia kuelewa." Wakati mwingine ndiyo. Kawaida vitenzi ndivyo vinavyotuonyesha njia. Data ya simu tunaiwasha, tunaizima, tunainunua, inaisha. Data ya ofisini inakusanywa, inachambuliwa, inalindwa. Ukisema "tunakusanya data kuhusu maji ya kambi", hata asiyesoma atahisi kwamba hapa si bando. Shida ni kwamba sentensi za kuomba ridhaa zimejaa vitenzi vinavyokaa pande zote mbili. Kutumia data. Kushea data. Kuokoa data. Angalia hili: "Data zako zitatumika kwa miaka kadhaa." Kwa mtu wa ofisi, habari zako zitafanyiwa kazi. Kwa mtu wa bando, kitu kinachotumika kinaisha, kwa hiyo baada ya hapo hakuna kinachobaki. Ukweli ni kinyume kabisa. Bando likitumika linaisha, lakini habari ya mtu ikitumika haipungui. Inaweza kunakiliwa leo, ikasomwa mwaka kesho na mtu ambaye hujawahi kumwona. Na alama ya kidole huwezi kuibadilisha kama unavyobadilisha laini.

Hilo ndilo lililo mezani. Kwa mtu aliyekimbia vita au serikali yake, jina, picha, kijiji alikotoka na majina ya ndugu waliobaki ni vitu vya kuulizia vizuri kabla ya kuvitoa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lina sera ya kulinda habari za watu tangu 2015. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao 2019, Tanzania 2022. Kuna kitu tunakipenda kwenye ile ya Tanzania: kwa Kiswahili inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Neno data halimo kwenye jina. Mwenye bando na asiye na bando wote wanaanza mahali pamoja.

Je, basi tuseme taarifa kila mahali, tumalize? Hapana, si rahisi hivyo. Kutoa taarifa, kwa masikio ya wengi, ni kwenda kushtaki au kuripoti jambo polisi. Mtu akisikia "tutatoa taarifa zako kwa serikali" anaweza kudhani ameshtakiwa. Habari nayo, kwa mtu mwingine, ni ile ya redioni. Kila neno lina mkia wake. Ndiyo maana sisi hatuombi neno jipya kutoka kwa wataalamu wa lugha. Tunaomba vitu vitajwe kwa majina yao.

Badala ya "unakubali tushee data zako na washirika", mkalimani aseme hivi: "Tumeandika jina lako, tarehe uliyozaliwa, namba yako ya simu, picha yako na alama za vidole vyako. Tunataka kuwaonyesha watu wa shirika fulani jina na namba ya simu tu, ili wakupigie kuhusu masomo. Picha na vidole hatuwapi. Ukikataa, chakula chako hakitaguswa. Unakubali?" Bila shaka kila ofisi itasema yale ambayo kwake ni ya kweli, na kama ya kwake ni tofauti, basi itaje hayo tofauti. Ni sentensi tano badala ya moja. Tunajua foleni ni ndefu na jua ni kali. Lakini sentensi moja isiyoeleweka haijaokoa muda, imeruka tu kazi.

Halafu kuna kipimo kidogo cha kujua kama mtu ameelewa. Usimuulize "umeelewa?" Kwetu, kumwambia mtu wa ofisi kwamba hujaelewa ni kama kumkosea heshima, kwa hiyo jibu litakuwa ndiyo daima. Muulize: "Mama, ukifika nyumbani, utamwambiaje baba kuhusu nilichokuomba?" Akisema "wameniomba bando", au "wamesema wataniwekea bando", unajua pa kurudia. Akisema "wanataka kuwapa wengine namba yangu ya simu", hapo sasa ndiyo yake ina uzito.

Na sisi vijana tunaotafsiri tuna sehemu yetu. Tunapenda kuacha data, kushea, sistimu na profaili kama zilivyo kwa sababu zinatoka mdomoni haraka na zinatufanya tuonekane tumesoma. Tukiwa wenyewe kwa wenyewe, tuendelee, hakuna shida, lugha yetu ndivyo inavyoishi. Lakini ukikaa kati ya karani na shangazi aliyevuka ziwa na watoto, kazi yako si kupitisha neno, ni kupitisha maana. Neno data likifika mdomoni mwako, simama kwanza, ujiulize huyu mbele yangu anaijua ipi. Kama hujui, taja jina, namba, picha, kidole. Hivyo hakuna anayevichanganya na bando.