Slogani ya mavuno haichaguliwi kwa makofi

Msimu uliopita tulirudishiwa mzigo wa mahindi. Mnunuzi alifungua mifuko michache, akaingiza mkono ndani ya mmoja, akatoa punje zenye joto na harufu ya uvundo. Biashara ikaishia hapo. Mifuko mingi ilikuwa mikavu kabisa, lakini yote ilikuwa na jina moja la koperative, na jina hilo ndilo lililorudi Kalemie juu ya gari.

Afishi zetu za msimu ule zilisema: "Mahindi bora, maisha bora." Tuliichagua wenyewe mkutanoni, kwa makofi. Ni maneno matamu mdomoni. Ila mama mwenye mahindi uani, akitaka kujua kesho asubuhi afanye nini, slogani hiyo haimwambii kitu. Kwa hiyo mwaka huu tulikataa makofi, na tunafikiri koperative nyingine nazo zingefanya hivyo.

Mapendekezo yalikuja mengi, kama kawaida. Chujio la kwanza lilikuwa jepesi: slogani isemwe kwa pumzi moja, iwe na jambo moja tu, na isihitaji mtu wa kuitafsiri. Hapo za Kifaransa zilianguka zote, hata ile ya prezida wetu, ambaye alinuna kidogo. Tulimkumbusha maneno yanayosikika sana kutoka Kinshasa tangu Rais Tshisekedi aingie madarakani: kwamba udongo wa juu ulipize kisasi kwa udongo wa chini. Kwa Kifaransa yanapendeza, na wazo lake ni kwamba kilimo kipite madini. Kwa Kiswahili cha hapa, mtu wa kwanza tuliyemwambia aliuliza: "Kisasi ya nani?" Katika jimbo hili, ambapo Watwa na Waluba walipigana miaka mingi, neno kisasi si neno la kuchezea kwenye afishi.

Zikabaki tatu. Ya kwanza ilikuwa ile ya zamani, tuliyoiacha ili tuilinganishe na mpya. Ya pili: "Uza pamoja, pata zaidi." Ya tatu: "Anika, tikisa, leta." Neno tikisa linahusu jaribio la chumvi. Unachukua chupa kavu, unatia chumvi kavu vijiko viwili hivi, unaongeza mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, unafunga na kutikisa dakika moja au mbili, kisha unaiacha itulie kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji, zaidi ya asilimia 15 hivi. Ikianguka chini bila kushika, yanaweza kuja depo. Kwa kuyaweka muda mrefu yatazidi kukaushwa mpaka 13, lakini kwa kupokea mzigo chupa inatosha.

Kisha tukaenda kuuliza watu, 10 kwa kila slogani, na kila mtu alisikia moja tu. Ukimsomea mtu zote tatu, atakuchagulia inayoimba vizuri, na utakuwa umerudi kwenye makofi. Tuliuliza hasa wamama, kwa sababu ndio wanaoanika. Tulitafuta pia nyumba ambazo Kiluba au Kitabwa ndicho cha nyumbani na Kiswahili ni cha soko. Wanakomite hatukuwahesabu. Sisi tunajua tulichotaka kusema, kwa hiyo hatuwezi kupima kama kimesikika.

Swali la kwanza ni la kueleweka, na hapa wengi wanakosea. Usiulize "Umeelewa?" Kila mtu atakujibu "Ndiyo, iko muzuri," kwa sababu wewe ni mgeni na mgeni anaheshimiwa. Uliza hivi: "Ukisikia maneno haya, kesho utafanya nini?" Halafu nyamaza. Kwa ile ya zamani majibu yalitawanyika: mmoja angenunua mbegu mpya, mwingine angepalilia vizuri, wengine walicheka tu. Kwa "Uza pamoja" walisema watasubiri wenzao. Ni jibu zuri, ila halihusu ukavu. Kwa ya tatu, "anika" na "leta" hazikumsumbua mtu. "Tikisa" ndiyo iliyoleta matata. Wanne walidhani ni kutikisa mufuko ili mahindi yashuke na mwingine ziingie nyingi, mchezo ambao wafanyabiashara wa barabarani wanaujua sana. Yaani slogani yetu ilikuwa inawafundisha watu wizi wa vipimo!

Hatukuitupa. Tuliongeza neno moja: "Anika, tikisa chupa, leta." Tukaenda kwa watu wengine 10, si wale wale. Wasioijua chupa sasa waliuliza "Chupa gani?", na hilo ndilo swali tunalotaka waulize, kwa sababu jibu lake liko kwenye picha ya afishi.

Kwa kukumbuka tulirudi baada ya siku tatu, bila kutaja slogani. Tulisema tu: "Siku ile tulikuambia maneno fulani, unaweza kuyarudia?" "Uza pamoja, pata zaidi" ilishinda zote, karibu kila mtu aliisema sawasawa. Yetu yenye chupa, watu wawili walibadilisha mpangilio wakaanza na leta, wengine waliishika. Tuliandika hata makosa, kwa maana kosa linaonyesha mahali maneno yanapovunjika.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Makamu alitaka tujumlishe alama: kueleweka, kukumbukwa, kufaa jina letu, na yenye jumla kubwa ishinde. Sisi tulikataa, na bado tunakataa. Alama za kukumbukwa hazifuti kosa la kutoeleweka. Slogani inayokumbukwa sana lakini ikaeleweka vibaya ni mbaya kuliko ile inayosahaulika, kwani itaendelea kufanya kosa msimu wote. Kila kipimo kiwe mlango: usipopita wa kwanza, wa pili haufunguki.

Mlango wa mwisho ni kufaa jina. Tulifunika jina la koperative na kuuliza: "Unadhani nani anasema maneno haya?" Ya zamani, wengi walisema ni chama cha siasa. Si ajabu: mwaka 2005, ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilipiga kampeni ya uchaguzi na "Maisha bora kwa kila Mtanzania," na hapa tuna ndugu wengi Kigoma. "Uza pamoja" walisema ni ONG, na mzee mmoja akaongeza: "Hiyo zaidi, nani atatoa?" Swali lake lilituumiza. Bei hatuipangi sisi. Ikianguka mwezi wa mavuno, maneno yale yatakuwa deni lililoandikwa ukutani na jina letu chini yake. Kitu ambacho koperative inaweza kuahidi ni mahindi makavu, masafi, na kilo za kweli kwenye mizani.

Kwa hiyo "Anika, tikisa chupa, leta" ndiyo itakayochorwa. Watu 10 hawakuambii ni wangapi watakaotii. Wanakuonyesha tu mahali maneno yanapovuja. Na maneno haya hayasemi uanike wapi: mmoja alijibu wazi kwamba ataanika barabarani. Bashi tumeiacha kwa picha na kwa tangazo la redio, maana tukiiingiza nayo tutakuwa tumeandika barua. Makamu bado anasema haina vina. Mlangoni pa depo tutaweka chupa na chumvi, na kila atakayeleta mufuko atatikisa yeye mwenyewe mbele ya mpimaji.