Barua Iliyonyamaza Kuhusu Pesa

Mwaliko ulikuwa mtamu. Tamasha moja la vitabu huko Mombasa, ambalo jina lake nitalihifadhi, lilitaka niende kuzungumzia picha za mitaani na hadithi zilizomo ndani yake. Aya nzima ya kunisifu. Kisha: nije Jumamosi, saa 2, na mambo ya nauli "tutamalizana tukionana". Nikajibu, nitakuja. Hapo ndipo nilipokosea.

Nilipanda basi la usiku kutoka Nairobi kwa pesa zangu, nikashuka Mwembe Tayari alfajiri. Kufikia saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni, nimeoga kwa maji ya chupa. Kumbe walimaanisha saa nane mchana. Mtu alikuwa ametazama 2:00 kwenye simu akaandika "saa 2". Nikakaa saa sita kwenye kiti cha plastiki.

Zamu yangu ilipofika, laptopu yangu ilikuwa na tundu la USB-C peke yake, na waya wa projekta ulikuwa wa HDMI. Adapta hakuna. Nikazungumzia picha ambazo hakuna aliyeziona, kwa dakika kumi na mbili, kwa sababu waliotangulia walikuwa wamekula muda wangu.

Lakini hayo yote ningeyasamehe. Kilichoniuma ni cha jioni. Mhadhiri mmoja tuliyekuwa naye kwenye jopo alinionyesha barua yake kwenye simu, akitafuta jina la hoteli. Ilikuwa na kila kitu: saa ya kuanza na kumaliza, tiketi ya treni iliyokwisha kulipiwa, ada, hata swali la kama angehitaji kipaza sauti cha kushika au cha kubana kwenye shati.

Kumbe barua kamili wanajua kuiandika! Wanachagua tu wa kumwandikia. Yeye ana shahada tatu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nikaandikiwa sifa.

Kwa hivyo wasee wa matamasha, tusikizane. Barua isiyotaja pesa si ya kirafiki. Inamwachia mgeni aibu ya kuuliza, huku mkijua kijana anayeanza hatauliza, asije akaonekana mwenye tamaa. Mnaokoa pesa kwa kutumia aibu yake.

Mtaniambia hamna bajeti. Sawa, andikeni sifuri. "Hatuna ada, ila nauli na malazi ni juu yetu." Hiyo ni barua ya heshima, nami naweza kuikubali au kuikataa nikijua ninachokubali. Tamasha dogo linaruhusiwa kukosa pesa. Haliruhusiwi kunificha kwamba halina.

Na kama ada ipo, isemeni hadi mwisho: shilingi 30,000 ni kabla ya kodi au baada? Ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 inayotozwa ada za kitaalamu, mkononi zinafika 28,500, na mgeni anastahili kupata cheti cha KRA cha hiyo 1,500 ili aidai anapojaza ritani zake. Asiyeambiwa mapema hudhani ameibiwa.

Barua niliyostahili ni fupi kuliko ile ya sifa. Ingekuwa hivi:

"Tunakualika kuzungumza Jumamosi, saa nane kamili mchana (14:00) hadi saa nane na dakika arobaini: dakika 25 zako, 15 za maswali. Tafadhali fika saa saba na nusu tujaribu vyombo. Tutakukatia tiketi ya kwenda na kurudi, na kulipia usiku mmoja hotelini. Ada ni shilingi 30,000 kabla ya kodi, italipwa ndani ya siku 14 baada ya kikao. Ukumbi una projekta ya HDMI na kipaza sauti kimoja. Tuambie unatumia laptopu gani. Tujibu kufikia Ijumaa ijayo. Ukikubali, tutakutumia barua ya uthibitisho yenye mambo haya haya."

Hiyo sentensi ya mwisho msiiruke. Mwaliko ni swali. Uthibitisho ndio ahadi. Kati ya hizo mbili mgeni ana nafasi ya kusema adapta sina, au usiku siwezi kusafiri. Mkishathibitisha, kikao kikiahirishwa na tiketi imekatwa, kila mtu anajua hasara ni ya nani.

Nasi tunaoalikwa tuache kujibu "nitakuja" kwa furaha ya kutambuliwa. Siku hizi najibu mwaliko kwa maswali matano: lini hasa, dakika ngapi, nani analipa nauli, ada ni ngapi, na waya ni gani. Wawili wameshaninyamazia tangu nianze. Nimelala nyumbani, na nauli yangu iko mfukoni.