Fedheha ya Kuachishwa Kazi: Maneno ya Nyumbani na ya Mbele ya Mwajiri

Mwanamume wa miaka 44 anafika kliniki jijini Dar es Salaam akilalamika kuumwa kichwa, kukatika usingizi saa tisa usiku na moyo kwenda mbio. Shinikizo la damu limepanda. Anaandikiwa dawa na kupewa tarehe ya kurudi. Hakuna anayemwuliza habari za kazi, kwa kuwa amevaa shati lenye nembo ya kampuni. Shati hilo huondoka nalo nyumbani kila asubuhi, wiki ya tano sasa, ingawa alikwisha kuachishwa kazi ya kutunza stoo baada ya hesabu ya mali kuonyesha upungufu. Mkewe hajui. Atajua siku mtoto atakapougua, na mhudumu wa dirishani atakapomwambia kwamba kadi ya bima haifanyi kazi tena.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini wahudumu wengi wa afya watamtambua mgonjwa huyo. Anachougua hakina budi kutenganishwa na majuto. Mwenye majuto husema, "Nilifanya kosa"; mwenye aibu husema, "Mimi ndiye kosa." Majuto humsukuma mtu kutengeneza, ilhali aibu humsukuma kujificha, na kila siku ya kujificha humwongezea uongo mpya wa kuulinda. Dodoso la PHQ-9, linalotumika kupima dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, lina swali la sita linalogusa jambo hili hasa: kujiona umeshindwa, au umeiangusha familia. Anayejibu kwamba huhisi hivyo karibu kila siku anastahili kuulizwa swali la ziada, nalo ni rahisi: "Kazini kukoje?" Akikubali pia swali la tisa, linalohusu mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa, asiruhusiwe kuondoka kabla hatari hiyo haijapimwa.

Hasara nyingine ya kujificha ni ya kisheria, nayo huzungumzwa mara chache hospitalini. Nchini Tanzania, anayeamini kwamba ameachishwa kazi isivyo halali hutakiwa kufikisha mgogoro wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mtunza stoo wetu amezimaliza siku hizo akikaa kwenye mabenchi ya feri. Sasa itambidi kwanza aombe kukubaliwa nje ya muda kwa sababu za msingi, na kuona haya ni vigumu kuhesabiwa miongoni mwake. Hata asiye na nia ya kushtaki ana haki ya kupewa cheti cha utumishi ajira inapokoma. Wengi hawakifuati kwa kuogopa kukutana na macho ya wenzao. Kumbe barua ya maombi yaweza kupelekwa na mwingine.

Nyumbani, wa kwanza kuambiwa ni mwenzi, faraghani, kabla ya wazee na mashemeji. Maneno yawe machache, yenye tarehe, sababu na fedha: "Mke wangu, niliachishwa kazi tarehe tatu mwezi uliopita. Stoo ilikutwa na upungufu. Sikuiba, lakini nilikuwa nikisaini hati za kupokea mzigo bila kuuhesabu. Fedha iliyobaki inatosha miezi miwili." Atarajie hasira, na mara nyingi hasira hiyo itahusu zile wiki tano za shati kuliko kazi yenyewe. Asijitetee usiku huo. Watoto waambiwe tu kwamba baba anatafuta kazi nyingine na kwamba si wao waliosababisha. Ukoo hauna haja ya kujua habari za hati.

Mbele ya mwajiri mpya, kosa kubwa ni kusema, "Niliacha mwenyewe." Simu moja kwa mwajiri wa zamani hulibomoa neno hilo, na hapo mwombaji hukataliwa kwa uongo, si kwa upungufu wa stoo. Kosa la pili ni kueleza mno, hadi jibu likawa mashtaka dhidi ya bosi. Sentensi tatu zinatosha: "Mkataba wangu ulisitishwa baada ya hesabu ya stoo kuonyesha upungufu. Kosa langu lilikuwa kusaini kabla ya kuhesabu. Sasa ninasaidia duka la vifaa vya ujenzi la ndugu yangu, na kila mzigo huhesabiwa na watu wawili kabla ya saini." Kisha anyamaze, asubiri swali. Sentensi ya tatu ndiyo nzito, na haiwezi kubuniwa. Lazima duka liwepo. Aliyepunguzwa kazi kwa sababu kampuni ilipunguza watu hana kosa la kukiri, naye aseme hivyo kwa sentensi moja.

Maneno haya hayatoki vizuri mara ya kwanza. Sauti hukwama hasa kwenye neno "kuachishwa", na wengi hulikwepa kwa kusema "kazi iliisha". Afisa ustawi wa jamii, au muuguzi mwenye robo saa, anaweza kumsikiliza mgonjwa akiyasema mara tatu, nne, mpaka neno hilo lipite bila macho kuinama, kisha wakubaliane siku atakayomwambia mkewe, nayo iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kando ya tarehe ya kupima shinikizo la damu.