Kabla Fundi Hajaifungua Simu Yako

Mwezi huu tumweke pembeni mchumba anayechelewa kujibu meseji. Tuongelee mtu mwingine kabisa ambaye wengi wetu tunamwachia siri zetu zote bila hata kumjua jina. Fundi simu. Unamkabidhi simu, unampa na paswedi, halafu unaambiwa "njoo saa kumi" nawe unaondoka zako kwenda kula chipsi.

Sisemi mafundi ni watu wabaya, wengi wao wako bize na kazi yao. Lakini mimi mwenyewe nilishawahi kulizwa na simu iliyokwenda kwa fundi, na hata leo siwezi kumlaumu fundi. Nilijiliza mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2019. Simu iligoma kuchaji, na mle ndani mlikuwa na uchumba wangu wote. Mume wangu, enzi hizo bado mchumba, alikuwa anafanya kazi Mwanza na mimi niko Dar, kwa hiyo mapenzi yetu yaliishi WhatsApp: sauti za usiku wa manane, ugomvi, misamaha, kila kitu. Nikajifanya mjanja. Kabla moto haujaisha kabisa nikaingia Settings, kisha Account, nikakuta palipoandikwa Delete account. Nikasema si ndiyo hapa? Nafuta, fundi asione kitu, simu ikirudi naweka upya na bekapu itarudisha.

Wee! Kumbe pale hujitoi, unajifuta. WhatsApp inafuta akaunti yenyewe, inakutoa kwenye magrupu yote, na kwa sisi wa Android inafuta hata ile bekapu iliyoko Google. Jioni nikarudishiwa simu inachaji vizuri, WhatsApp nyeupe kama shuka jipya. Kilichoniokoa kidogo ni kwamba kujifuta kwangu hakukugusa simu ya mwenzangu. Alifungua chati yetu, akabonyeza Export chat, akanitumia. Ilikuja kama faili la maandishi. Nalisoma, nacheka, lakini hairudi kuwa chati, na zile sauti zangu ndiyo basi tena.

Sasa mwezi uliopita simu imenidondoka nikishuka kwenye bajaji. Kioo kimepasuka, ila tachi bado inasikia. Safari hii nilikaa sebuleni saa nzima kabla ya kwenda popote.

Cha kwanza ni bekapu, na hapa usikimbie. WhatsApp, Settings, Chats, Chat backup. Kabla ya kubonyeza Back up, angalia juu imeandika mara ya mwisho ilikuwa lini. Yangu ilisema miezi miwili iliyopita! Sababu ni kwamba tangu mwaka 2024 bekapu ya WhatsApp kwenye Android inahesabiwa ndani ya zile GB 15 za bure ambazo Google inakupa, pamoja na picha na barua pepe zako. Zikijaa, bekapu inasimama na wewe hujui. Nikafuta mavideo ya harusi za watu, nikaunganisha Wai-fai ili bando lisiishe, nikabonyeza. Video haziingii mpaka uwashe Include videos. Usiamini mpaka uone tarehe ya leo na saa ya sasa hivi pale juu. Halafu soma jina la Gmail lililoandikwa chini yake na uliandike mahali, maana bekapu itarudi kwa namba ileile na Gmail ileile tu. Kama uliwahi kuifungia bekapu kwa paswedi yake, nayo uwe unaikumbuka, kwa sababu ukiisahau hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia. Picha ulizopiga kwa kamera hazimo humo, hizo zihamishe kivyake.

Cha pili ni Linked devices. Hapa ndipo panaponitisha mimi. Mtu mwenye simu yako na paswedi yako anaweza kuunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake kwa sekunde chache, na simu ukirudishiwa yeye anaendelea kusoma akiwa kwake. Fungua orodha hiyo kabla, toa usivyovijua kwa Log out. Simu ikirudi, ifungue tena.

Baada ya hapo ndipo unaiondoa WhatsApp yenyewe, kwa Uninstall ya kawaida, kama unavyotoa gemu. Delete account kaa nayo mbali. Instagram na Facebook zina mtego mwingine: ukijitoa, mara nyingi jina lako linabaki pale mlangoni na mtu akiligusa anaingia. Ondoa na hilo jina.

Akaunti ya Google inatoka mwisho kabisa, kwa sababu ukiitoa kabla bekapu haijaisha hakuna pa kuipeleka. Kwenye Samsung yangu ni Settings, Accounts and backup, Manage accounts, halafu Remove account. Shoga yangu mmoja aliogopa akidhani Gmail yake itapotea. Haipotei, inatoka kwenye simu tu. Na kuna faida nyingine: fundi akilazimika kuiflashi simu yenye akaunti ndani, ikiwaka itadai Gmail ya zamani, na hapo ndipo unapigiwa, "Dada, nitajie paswedi ya Gmail." Ukishaitoa mwenyewe, simu hiyo haitauliza. Wenye iPhone, cha kwenu cha namna hii ni Find My. Muulizeni fundi kwanza kama anataka izimwe.

Laini nikaichomoa, nikabaki nayo kwenye pochi. Kodi za kuingilia akaunti zinakuja kwa meseji, na pesa zetu ziko kwenye laini hiyohiyo.

Samsung za miaka hii zina pia Maintenance mode: ukiiwasha, fundi anaona simu tupu, vitu vyako vimefungiwa mpaka uizime kwa paswedi yako. Nzuri sana kwa kioo au betri. Lakini simu ikibidi kuflashiwa, vilivyofungiwa navyo vinafutika, kwa hiyo bekapu iko palepale.

Na kama kioo kimezimika kabisa? Hapo huna cha kubonyeza. Chomoa laini, iweke kwenye simu nyingine, sajili WhatsApp huko. Ile ya zamani inatolewa yenyewe. Kisha kwenye kompyuta ingia akaunti yako ya Google, sehemu ya Security, tafuta vifaa vyako na uitoe ile simu. Chati utakazopata ni za bekapu ya mwisho iliyofanikiwa, ndiyo maana nakuambia kaangalie ile tarehe leo, simu ikiwa nzima.

Dukani fundi akaniuliza, "Dada, paswedi?" Nikamwambia, "Kaka, nipo hapa kwenye benchi, ukitaka kujaribu tachi niite." Akacheka. "Una siri gani wewe?" Nikanyamaza. Zangu ni chache siku hizi. Lakini kwenye simu ile shoga yangu amenisimulia ndoa yake yote, na yeye hakumwandikia fundi.

Ilichukua kama saa moja. Nyumbani nikarudisha laini, nikaweka Gmail kwanza, ndipo nikapakua WhatsApp. Ikauliza kama irudishe chati. Usiruke hapo kwa haraka, bonyeza Restore. Mume wangu alikuwa ameegemea mlango wa jikoni ananichungulia.

"Zimerudi?"

Nikamchezea sauti yake ya asubuhi ile, anauliza tule nini.