Kifuniko kikilazwa bambani, saa inapima kingine

Ndugu mwandishi, hapo pa kulaza kifuniko cha pampu moja kwa moja juu ya bamba la kupimia sikubaliani nawe. Saa itasoma hata tofauti ya unene wa kifuniko, si ubapa wa uso wake pekee. Huku Biharamulo, kwenye pampu za migodini, mimi hukiinua kwa jeki tatu ndogo, nikafunga saa kwenye haiti geji, kisha nikarekebisha jeki hadi nukta tatu zilizoachana mbali zisome sifuri. Ndipo napitisha ncha uso mzima. Juzi kimoja kilitoa +0.03 na −0.02, kwa hiyo kosa la ubapa ni milimita 0.05, si 0.03. Hayo ni makadirio: ukichagua nukta nyingine tatu, huenda likapungua. Na kilichotoka juani kiache kipoe kwanza.