Vitu na mavazi ya mchezo: nani analeta nini

Wiki hii tunawaletea orodha ya mchezo wa watoto wetu wa Simi-Simi. Unasimulia habari za Patrice Lumumba, tangu alipokuwa karani wa posta hapa Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, hadi siku ya uhuru. Tumeipanga kwa maonyesho, na kila kitu kina mtu mmoja tu. Kikiandikiwa watu wawili, kila mmoja atamtegemea mwenzake, na siku ya mchezo kitabaki nyumbani.

Onyesho la 1: Posta ya Stanleyville
– Meza na kiti: mwalimu wa darasa.
– Mhuri wa mti na barua zilizofungwa kwa kamba: wanafunzi wa darasa la sita.
– Shati jeupe na miwani ya Lumumba: mama yake mchezaji.

Onyesho la 2: Barabara ya Léopoldville, tarehe 29 Juni 1960
– Gari la wazi, la makartoni: baba seremala.
– Upanga wa mti na ala yake: baba seremala.
– Koti jeupe la mfalme Baudouin: mama fundi wa kushona.
– Vitenge vya watu wanaoshangilia: kila mama amvalishe mtoto wake.

Onyesho la 3: Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960
– Koti jeusi, kravati ya kipepeo na miwani ya Lumumba: mama yake mchezaji.
– Koti jeupe la mfalme: mama fundi wa kushona.
– Mikrofoni ya fimbo na kopo: darasa la tano.
– Karatasi za hotuba: mwalimu wa darasa. Mchezaji azishike mwenyewe, zisiwekwe mezani, kwa sababu hotuba ya Lumumba haikuwa kwenye programu ya siku ile.

Mtaona miwani na koti jeupe vimeandikwa mara mbili. Kitu cha namna hiyo ndicho kinachopotea, kwa kuwa mtoto hukivua na kukiacha popote. Lumumba haonekani katika onyesho la 2. Huo ndio muda wake wa kubadili nguo, na mama yake amngoje nyuma ya pazia akiwa na koti mkononi. Miwani iwe fremu tupu: vioo vya mtu mzima humfanya mtoto ajikwae.

Upanga una kazi kubwa. Siku ile Ambroise Boimbo aliuchomoa upanga wa mfalme kutoka garini. Kwa hiyo ala iwe pana kidogo. Ikibana, kijana atavuta mkanda wote na mfalme ataanguka. Ncha iwe butu. Baba seremala auchukue mara onyesho linapokwisha, watoto wasiuchezee.

Jaribio la mavazi lifanyike siku mbili kabla, kila kitu kikiwepo. Kitakachokosekana siku hiyo bado kitatafutika.